Malkia aliyeanguka mezani: kuisoma barua ya kupinga uamuzi

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Mashindano,

Mimi ndiye niliyeketi Mashariki katika mkono wa 14. Naandika kupinga uamuzi wako.

Kwanza, malkia wa shupaza alianguka kwa bahati mbaya. Sikumcheza. Alinata nyuma ya kopa tatu niliyokuwa naitoa. Karata iliyoponyoka ni kosa dogo, nawe ukalihukumu kama kosa kubwa.

Pili, mwenzangu hakumwona huyo malkia. Alikuwa anatazama karata zake, na yuko tayari kuapa.

Tatu, katika mkono wa 11 Kusini mwenyewe aliangusha mfalme wa uru, na hukumfanya lolote.

Nne, ulimsomea Kusini chaguo zake moja baada ya nyingine, kama mwalimu na mwanafunzi. Kazi yako si kumsaidia mchezaji.

Mwisho, mwenzangu alizuiwa kuanzisha shupaza mara mbili, na ile ya pili ndiyo iliyotumaliza.

Naomba matokeo ya mkono huo yabadilishwe.

Wako, Mashariki.

*

Barua hii nimeitunga, ila aliyewahi kusimamia mashindano ya briji ataitambua. Ina hoja tano. Nne za mwanzo, zilizoandikwa kwa uchungu na kwa kirefu, hazina mguu wa kusimamia. Ya tano, iliyotupwa mwishoni kwa sentensi moja, ndiyo inayoweza kuubadilisha uamuzi, na mwandishi mwenyewe haelekei kujua kwa nini. Ili tuone hivyo, tuanze mezani.

Briji huchezwa na watu wanne, wawili kwa wawili, wenza wakiketi wakitazamana: Kaskazini na Kusini, Mashariki na Magharibi. Kila mmoja hugawiwa karata 13, na kila mgao huitwa mkono. Baada ya mnada wa maneno, upande mmoja huchukua mkataba wa kula idadi fulani ya mizunguko, mzunguko ukiwa ni karata nne, moja kutoka kwa kila mchezaji. Mmoja wa upande huo hucheza, na mwenzake huzilaza karata zake zote mezani, wazi, akabaki mtazamaji. Wawili wa upande wa pili ni wazuiaji: kazi yao ni kuuvunja mkataba.

Katika mkono wetu wa 14, Kusini alikuwa na mkataba wa kopa nne. Maana yake kopa ni turufu, naye anatakiwa kula mizunguko 10 kati ya 13. Wazuiaji wakila minne, mkataba umevunjika.

Shupaza ziligawanyika hivi. Mezani kwa Kaskazini kulikuwa na 8, 6, 3. Kusini alikuwa na 9, 7, 5. Magharibi alikuwa na mfalme, ghulamu na 4. Mashariki alikuwa na ree, malkia, 10 na 2. Kwa maneno mengine, shupaza zote za maana zilikuwa kwa wazuiaji, na siku wakizigusa wangekula mizunguko mitatu. Juu ya hapo Magharibi alikuwa na ree ya kopa na ree ya uru. Jumla mitano. Tumaini pekee la Kusini lilikuwa uru za mezani, yaani mfalme, malkia, ghulamu na 10: akipata nafasi ya kuzikomboa, angetupa juu yake shupaza zake mbili mbovu.

Magharibi alianza na malkia wa pau, na Kusini akamla kwa mfalme. Katika mzunguko wa pili Kusini alitoa mfalme wa kopa. Magharibi akamfunika kwa ree, mezani ikatoka 4, na Mashariki alipochomoa kopa 3, malkia wa shupaza akaja nayo na kulala chali mbele ya wote. Kusini akamwita mkurugenzi.

Sasa tuichukue hoja ya kwanza, ile ya bahati mbaya. Sheria za briji ya mashindano, toleo la 2017 linalotumika chini ya Shirikisho la Dunia la Briji, zinasema karata ya mzuiaji iliyoonekana pasipo utaratibu huwa karata ya adhabu, na zinagawa adhabu hiyo katika ngazi mbili. Adhabu nyepesi inahitaji masharti mawili kwa pamoja: karata iwe moja na iwe imeonekana bila kukusudia, na tena iwe ndogo, chini ya kumi. Ree, mfalme, malkia, ghulamu na kumi huhesabiwa karata kubwa. Karata kubwa yoyote ikianguka, hata kwa kupiga chafya, ni adhabu nzito.

Hapo ndipo Mashariki aliposoma nusu ya sentensi. Neno "bila kukusudia" lipo kweli katika sheria ya 50, lakini halimwokoi mwenye malkia. Angeangusha shupaza 2 badala yake, barua yake ingekuwa na uzito. Na mgawanyo huo una sababu. Kuonyesha 2 hakumwambii mwenzako jambo kubwa, lakini kumwonyesha malkia kunamweleza mahali hasa pa kushambulia, awe ameonyeshwa kwa hila au kwa vidole vyenye jasho. Kwa karata kubwa sheria haipimi nia, kwa sababu mkurugenzi hana chombo cha kuipimia. Inapima kile ambacho mwenzako angeweza kukijua.

Kwa hoja hiyohiyo, madai ya pili nayo yanaporomoka. Sheria ya 49 haiulizi kama mwenzako aliiona karata. Inauliza kama karata ilikuwa mahali ambapo mwenzako angeweza kuuona uso wake. Malkia alilala chali katikati ya meza, basi swali limejibiwa. Kiapo cha Magharibi hata kikiwa cha kweli hakina pa kuingia. Nimeona wachezaji waungwana wakiudhika sana hapa, wakidhani wameitwa waongo. Hawakuitwa hivyo. Kipimo kimewekwa hivyo makusudi, ili mkurugenzi asilazimike kumhoji mtu kuhusu macho yake mwenyewe.

Hoja ya tatu inagusa hisia zaidi, kwa sababu kwa mtazamaji inafanana na upendeleo. Kusini aliangusha mfalme wa uru katika mkono wa 11 na hakuna kilichofanyika. Lakini katika mkono ule Kusini ndiye aliyekuwa akicheza mkataba, na sheria ya 48 inasema karata ya mchezaji wa mkataba, wala ya mkono uliolazwa mezani, haiwi karata ya adhabu kamwe. Jiulize ni nani angefaidika na siri ya yule mfalme. Mwenzake Kusini amekwisha laza karata zake na hana uamuzi wowote wa kufanya. Waliofaidika ni Mashariki na Magharibi, ambao waliona bure karata ya adui na walikuwa na ruhusa kamili ya kuitumia. Kwa mzuiaji mambo ni kinyume, kwa kuwa mbele yake ameketi mwenzake, amefumba karata zake, anatafuta dalili ya nini cha kutoa.

Ya nne nitaipita haraka. Sheria ya 10 inamwamuru mkurugenzi aeleze chaguo zote pale sheria inapotoa chaguo. Asingezieleza, hilo ndilo lingekuwa kosa lake.

Tumebaki na ile sentensi ya mwisho, na hapa tuende polepole.

Karata ya adhabu nzito hubaki mezani, wazi, na mwenyewe lazima aicheze mara ya kwanza inapowezekana kihalali. Lakini ikitokea mwenzake ndiye anayeanzisha mzunguko wakati karata hiyo bado iko mezani, asitoe kitu kwanza. Mchezaji wa mkataba ana chaguo tatu. Anaweza kumlazimisha aanzishe aina ileile ya karata, huku kwetu shupaza. Anaweza kumkataza kuianzisha. Au anaweza kumwacha atoe apendacho, na karata ikabaki mezani kama adhabu. Akichagua moja kati ya mbili za kwanza, karata haiwi tena ya adhabu, na mwenyewe huirudisha mkononi.

Magharibi alikuwa amekula mzunguko wa pili kwa ree ya kopa, kwa hiyo yeye ndiye wa kuanzisha. Kusini, ambaye alikuwa anaogopa shupaza kuliko kitu kingine chochote, akakataza. Mpaka hapo kila kitu ni halali, na hasara yake Mashariki aimeze tu. Malkia akarudi mkononi. Ndipo mkurugenzi alipomgeukia Magharibi na kusema, "Basi huanzishi shupaza mpaka mkono huu uishe."

Maneno hayo ndiyo yenye kosa. Sheria ya 50 inaweka mpaka wa katazo hilo: linadumu kwa muda wote mzuiaji anapoendelea kuushikilia uanzishaji. Akila mzunguko na kuanzisha tena, akala na kuanzisha tena, katazo linamfuata. Uanzishaji ukimtoka mkononi, katazo limekufa, na halifufuki hata akija kuupata tena baadaye.

Tazama kilichofuata. Katika mzunguko wa tatu Magharibi alitoa ghulamu wa pau, na ree ya mezani ikamla. Pale pale uanzishaji ulimtoka. Katika mzunguko wa nne mezani ikatoka kopa 7, Kusini akaifunika kwa 9, na turufu za wazuiaji zikaisha. Katika wa tano Kusini alitoa uru 2, na Magharibi akaila 10 ya mezani kwa ree. Sasa anaanzisha mzunguko wa sita, hana katazo lolote kisheria, ila ana agizo la mkurugenzi masikioni. Akatoa pau. Kusini hakuwa na pau tena, akaikata kwa turufu, akavuka mezani kwa mfalme wa uru, na juu ya malkia na ghulamu wa uru akatupa shupaza mbili. Wazuiaji walipata ree mbili na shupaza moja. Mizunguko mitatu. Mkataba ukatimia, alama 420 kwa Kusini na Kaskazini.

Angetoa shupaza wakati ule, yoyote kati ya tatu alizonazo, wazuiaji wangekula tatu papo hapo na kufikisha mitano. Kusini angepungukiwa na miwili, na alama 100 zingeenda upande wa pili. Kwa hiyo Mashariki yuko sahihi kwamba mara ya pili ndiyo iliyowamaliza. Alichokosa kusema ni kwamba mara ya kwanza ilikuwa halali na ya pili haikuwa. Kwa kuziweka pamoja, "alizuiwa mara mbili", ameifanya hoja yake pekee yenye nguvu ionekane kama malalamiko juu ya adhabu nzima.

Lakini Kusini naye si bubu. Akipewa nafasi ya kujibu atasema: haya, katazo lilikwisha, ila Magharibi alikuwa amemwona malkia wa shupaza kwa mwenzake. Je, anaruhusiwa kuutumia ujuzi huo?

Haruhusiwi, na hili wengi hulisahau. Malkia akiwa bado mezani, kila mtu anaruhusiwa kutumia anachokiona. Akisharudi mkononi, ujuzi huo ni halali kwa Kusini lakini ni taarifa isiyoruhusiwa kwa Magharibi. Ikiwa ana njia zaidi ya moja zenye mantiki, hatakiwi kuchagua ile ambayo malkia aliyeonekana ndiye anayemsukumia. Kwa hiyo swali la kamati yoyote litakuwa hili: Magharibi ambaye hajawahi kumwona yule malkia, katika mzunguko wa sita, angefanya nini?

Tumfuate katika hesabu yake, tukitumia tu vitu alivyokuwa na haki ya kuvijua. Wazuiaji wamekula miwili na wanahitaji minne. Uru hazina kitu tena: ree imetumika, na mezani wamesimama mfalme, malkia na ghulamu wanaosubiri kutupiwa takataka. Turufu zake zimekwisha, na za Mashariki pia, kwa kuwa alizihesabu: mbili zake, tatu za mezani, mbili zilizotoka kwa Mashariki na sita za Kusini zinatimiza 13. Pau je? Yeye alianza na tano, mezani zilikuwa tatu, na Mashariki alicheza 2 kisha 5. Kwa makubaliano ya wengi, ndogo kisha kubwa ni ishara kwamba ana idadi witiri. Ikiwa ni tatu, Kusini alianza na mbili tu na zote zimetoka, hivyo pau inayofuata itakatwa. Imebaki shupaza. Yeye ana mfalme na ghulamu, mezani kuna 8, 6, 3, na mizunguko miwili inayokosekana haiwezi kutoka kwingine duniani.

Kwa mchezaji wa kiwango chochote cha mashindano, hapo hakuna njia ya pili. Huhitaji kumwona malkia ili utoe shupaza. Unahitaji tu kuhesabu. Kama mkono ungekuwa wa namna nyingine, tuseme mezani kungekuwa na mfalme wa shupaza na pau za Magharibi bado zikawa na uhai, jibu lingeweza kuwa kinyume na rufaa ikaanguka hapo hapo, kosa la mkurugenzi likiwepo au lisiwepo. Ndiyo maana barua inayotaja sheria bila kuonyesha karata huwa nusu ya barua.

Kuna mambo ya utaratibu pia, na barua yetu imeyakosea kimyakimya. Haki ya kupinga uamuzi huisha dakika 30 baada ya matokeo rasmi kuwekwa wazi ili wachezaji wayakague, isipokuwa waandaaji wawe wametangaza muda mwingine. Barua haina saa. Vilevile, katika mashindano ya wenza wawili, rufaa haisikilizwi mpaka wote wawili wakubaliane kuikata. Asiyekuwepo huhesabiwa kuwa amekubali. Barua imeandikwa "mimi" mwanzo mpaka mwisho na imesainiwa na mmoja. Mwenzake anatajwa kama shahidi tu, wakati ndiye aliyezuiwa.

Na kuna jambo la nani anaamua nini. Mchezaji mwenye hasira hudhani kamati ya rufaa ni mahakama ya juu itakayompindua mkurugenzi. Kwa masuala ya hukumu ya kimchezo inaweza: kama Magharibi angetoa shupaza au la, hilo ni lake kamati. Lakini katika tafsiri ya sheria yenyewe kamati haina mamlaka ya kumpindua mkurugenzi mkuu. Inaweza tu kumpendekezea abadili uamuzi. Kwa hiyo hoja ya muda wa katazo inapaswa kuelekezwa kwake yeye mwenyewe, kwa upole, kwa namba ya sheria, maana ana uwezo wa kujisahihisha bila kuitisha kamati. Wakurugenzi wengi ninaowajua hukimbilia kitabu wakitajiwa kifungu, na hukunja uso wakiambiwa wana upendeleo. Hoja ya tatu na ya nne za barua hii zingeweza kuwa ndizo zilizomfanya aiweke pembeni kabla hajafika sentensi ya mwisho.

Akigundua amekosea, sheria ya 82 inamwelekeza: ikiwa mkono hauwezi tena kuhesabiwa kwa kawaida, atoe alama zilizorekebishwa, na katika kufanya hivyo pande zote mbili azichukulie kama zisizo na kosa. Hili la mwisho huwashangaza watu. Kusini na Kaskazini hawakufanya baya lolote kwa kuamini agizo la mkurugenzi, kwa hiyo nao wanapewa upande mzuri wa shaka pale shaka inapokuwepo, na alama za pande mbili si lazima zifanane. Katika mkono huu shaka ni ndogo kwa sababu ya hesabu tuliyoifanya, na sioni Mashariki na Magharibi wakikosa alama zao 100. Kwa Kusini na Kaskazini mkurugenzi atajiuliza kama kulikuwa na uwezekano wa maana kwamba Magharibi asingetoa shupaza, na ninavyoziona karata atapata taabu kuupata.

Ningekuwa mwenza wa Mashariki, ningemnyang'anya ile karatasi, nikampa kikombe cha maji, kisha nikaandika hii:

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Tunaomba uupitie upya uamuzi wa mkono wa 14. Hatupingi kwamba malkia wa shupaza alikuwa karata ya adhabu nzito, wala haki ya Kusini kukataza shupaza katika mzunguko wa 3. Magharibi alipoteza uanzishaji katika mzunguko huo kwa ree ya pau. Alipoupata tena katika mzunguko wa 6, agizo lako la "mpaka mkono uishe" lilimzuia kutoa shupaza, wakati sheria ya 50 inaweka katazo kwa muda tu mzuiaji anapoendelea kuanzisha. Karata za wachezaji wote wanne na mpangilio wa mizunguko sita ya kwanza tumeambatisha. Kwamba asingekuwa na njia nyingine yenye mantiki isipokuwa shupaza, bila kumtegemea malkia, tumeeleza nyuma ya karatasi. Tunaomba sheria ya 82 itumike.

Imewasilishwa dakika 12 baada ya matokeo kutangazwa.

Mashariki na Magharibi